Miaka Mitano na Miezi Mitatu: Mkataba wa Pango la Mkahawa

Barua ya masharti ambayo wakala wa mwenye nyumba humpa mtu anayetaka kufungua mkahawa nchini Kenya huwa fupi, kurasa mbili au tatu hivi. Ndani yake mna kodi ya mwezi, amana, matumizi ya jengo na muda wa pango. Muda huo mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya ajabu kidogo: miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Mpangaji mgeni huipita namba hiyo akakimbilia kubishania kodi. Kumbe hiyo ndiyo namba inayoamua nani atakuwa na nguvu wakati kodi itakapopandishwa, nani ataamuliwa na nani jengo likiharibika, na kama mkataba ukiisha mpangaji atabaki au atatoka.

Asili yake ni sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inayohusu wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Katika Kiswahili cha mtaani hoteli ni mahali pa kula, awe mtu atalala au hatalala. Sheria hutenganisha: hoteli kwake ni nyumba inayolaza wageni, na mahali panapouzwa chakula au kinywaji cha kuliwa papo hapo pana jina lake mbali. Zote mbili zinalindwa, kwa hiyo mama mwenye meza sita za pilau yumo ndani ya sheria sawasawa na mwenye vyumba 40. Anayebaki nje ni yule aliyepanga katika jengo la serikali au la kaunti, kama banda la soko.

Pango hulindwa na sheria hiyo katika hali tatu. Ya kwanza ni pale ambapo hakuna mkataba wa maandishi. Ya pili ni pale mkataba umeandikwa lakini muda wake hauzidi miaka 5. Ya tatu ndiyo inayowapita wengi: mkataba umezidi miaka 5, lakini una kipengele kinachoruhusu upande wowote kuuvunja kabla ya miaka 5 kutimia, bila kosa la mwenzake. Miezi 3 inayoongezwa juu ya miaka 5 haina kazi nyingine ila kulitoa pango nje ya ulinzi huo.

Pango likilindwa, mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji kwa barua ya kawaida. Lazima atoe ilani kwa fomu iliyowekwa na sheria, na ilani hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu mpangaji aipokee. Mpangaji asiyekubali ana mwezi 1 wa kumjibu mwenye nyumba kwa maandishi, kisha hupeleka malalamiko kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku ya ilani kufika. Akishafanya hivyo ilani husimama, naye huendelea kulipa kodi ya zamani mpaka baraza liamue. Kila upande huleta mthamini wake, na baraza hulinganisha kodi za majengo yanayofanana katika mtaa huo. Ujumbe wa simu usemao kuanzia mwezi ujao kodi imepanda si ilani, na hata barua yenye muhuri wa wakili imewahi kutupwa kwa sababu haikufuata fomu. Lakini ulinzi huu unamtaka mtu aamke. Mpangaji akiitia fomu halali kwenye droo na kunyamaza, siku ikifika kodi mpya inakuwa kodi.

Kuisha kwa mkataba nako hakumtoi. Pango linaendelea kwa masharti yale yale mpaka mwenye nyumba athibitishe mojawapo ya sababu zilizoandikwa katika sheria. Miongoni mwake ni kodi kucheleweshwa kwa miezi 2 au kucheleweshwa kila mara, mpangaji kuacha matengenezo yaliyo juu yake, mwenye nyumba kutaka kubomoa na kujenga upya, au kutaka kulitumia jengo mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1.

Kwa maelezo hayo mtu angedhani mpangaji mwerevu ni yule anayeikataa miaka 6 na kushikilia miaka 5. Si lazima iwe hivyo, na inategemea anaingiza fedha kiasi gani kwenye kuta zisizo zake. Mkahawa una vitu visivyohamishika: vigae vya jikoni, bomba la moshi, mitaro ya sakafuni, nyaya za umeme wa fezi tatu. Tuseme vitu hivyo vimegharimu shilingi 1,800,000. Vikigawanywa kwa miezi 72 ya mkataba wa miaka 6, kila mwezi unabeba shilingi 25,000. Mpangaji akilazimika kutoka baada ya miaka 2, kila mwezi aliokaa ulibeba 75,000, na hizo ni juu ya kodi. Pango linalolindwa haliwezi kumhakikishia miaka 6, kwa kuwa kubomoa ni sababu halali, na katika miji ambayo nyumba za ghorofa moja zinageuzwa minara sababu hiyo si ya kubuni. Mkataba mrefu ulioandikwa vizuri humpa muda ambao mwenye nyumba hawezi kuukata ila kwa kosa la mpangaji. Kwa hiyo anayeanza na sufuria, meza na friji anazoweza kuzipakia kwenye lori asubuhi moja anafaidi zaidi chini ya sheria. Anayejenga jiko la kudumu anahitaji muda, na auombe kwa macho wazi, maana nje ya sheria hiyo karibu kila kinga atakayokuwa nayo ni ile aliyoiandikisha.

Kuna jambo moja ambalo hatalipata kwa urahisi hata akiomba kwa adabu zote, nalo ni ruhusa ya kuuvunja mkataba mapema biashara ikigoma. Mwenye nyumba akiiandika ruhusa hiyo ndani ya miaka 5 ya kwanza, pango linarudi kwenye ulinzi na miezi 3 yake imekwenda bure. Wakala hukataa, na wengi wao hawaelezi kwa nini. Mlango wa kuulilia badala yake ni haki ya kumhamishia mtu mwingine pango. Sheria huruhusu mkataba udai kibali cha mwenye nyumba, na hilo ni haki yake, ila yafaa iandikwe kwamba kibali hakitanyimwa bila sababu ya maana na kwamba kitajibiwa ndani ya siku 30. Mkahawa unaopata hasara mwaka wa tatu huweza kuuzwa na vyombo vyake kwa mtu mwingine. Usipokuwa na haki hiyo, aliyeshindwa hubaki akilipa kodi ya milango iliyofungwa.

Baada ya muda ndipo huja kodi, na hapa neno dogo hugeuka fedha nyingi. Chukua nafasi moja ya mfano mjini Mombasa: chumba cha chini katika jengo la ghorofa nne, kodi shilingi 100,000 kwa mwezi, muda miaka 6. Rasimu ya mwenye nyumba inasema kodi itapanda kwa asilimia 10 kila mwaka. Kwa kuwa kila nyongeza inakaa juu ya ile iliyotangulia, mwaka wa pili ni 110,000, wa tatu 121,000, wa nne 133,100, wa tano 146,410, na wa sita 161,051. Jumla ya miaka yote ni shilingi 9,258,732. Mpangaji akifaulu kuweka asilimia 10 hiyo hiyo lakini kila baada ya miaka 2, kodi inakuwa 100,000, kisha 110,000, kisha 121,000, na jumla ni 7,944,000. Tofauti ni shilingi 1,314,732, yaani zaidi ya kodi ya mwaka mzima wa kwanza. Wapo wapangaji ambao hutumia wiki mbili kuomba kodi ishuke kutoka 100,000 hadi 95,000, kisha wakatia saini nyongeza ya kila mwaka bila kuuliza.

Njia nzuri ya kuipima nyongeza ni kuipeleka jikoni. Wenye mikahawa wengi hujitahidi kodi isizidi sehemu 1 kwa 10 ya mauzo. Kodi ya 100,000 basi inahitaji mauzo ya milioni 1 kwa mwezi, na mkahawa unaofungua siku 26 unatakiwa kuingiza karibu shilingi 38,500 kwa siku. Kwa sahani ya pilau ya shilingi 350, hizo ni sahani 110. Kwa nyongeza ya kila mwaka, mwaka wa sita zinahitajika sahani 177 kwa siku. Kwa nyongeza ya kila miaka 2, sahani 133. Bei ya sahani nayo itapanda, hilo ni kweli, lakini itapandishwa na bei ya mchele, nyama na gesi, ambao nao wanataka fungu lao. Viti havizidi. Mkahawa wa viti 40 unaweza kujaa mara tatu mchana, kujaa mara tano ni kazi nyingine.

Mambo mawili hufichika nyuma ya namba ya kodi. La kwanza ni ushuru wa ongezeko la thamani, ambao kwa kodi ya biashara ni asilimia 16. Mwenye nyumba aliyesajiliwa akisema 100,000 bila kutaja ushuru, ankara itakuja ikiwa 116,000, na mkahawa mdogo ambao wenyewe haujasajiliwa hauna pa kuirudisha hiyo 16,000. La pili ni ada ya huduma, ile inayolipia mlinzi, usafi wa ngazi, maji ya pamoja na taa za nje. Mara nyingi huandikwa kwamba italipwa kadiri mwenye nyumba atakavyoona inafaa, na maneno hayo yanaweza kuzaa nyongeza ya kodi kwa jina jingine. Inatosha kuandika gawio linalotokana na ukubwa wa eneo lililopangwa, kiwango cha juu cha kupanda kwa mwaka, na haki ya kuona hesabu.

Kodi ya baada ya mkataba nayo hupangwa sasa. Haki ya kuongeza muda isemayo kwamba mkataba utaongezwa kwa kodi itakayokubaliwa ni ahadi tupu, kwa sababu mwenye nyumba akitaja 300,000 makubaliano hayapo na haki imekufa. Yenye meno ni ile inayosema kodi mpya itapimwa na mthamini asiyefungamana na upande wowote, au haitazidi ya mwisho kwa zaidi ya asilimia fulani, na ambayo mpangaji huitumia kwa barua miezi kadhaa kabla ya mwisho. Tarehe hiyo ya barua iandikwe ukutani jikoni. Haki nyingi za namna hii hufa kwa kusahauliwa, mtu akikumbuka wiki ya mwisho.

Matengenezo ndiyo sehemu inayozaa ugomvi mwingi kuliko zote, na rasimu nyingi hulimaliza kwa sentensi moja: mpangaji ataliweka jengo katika hali nzuri. Mkataba usiposema lolote, Sheria ya Ardhi ya 2012 humwekea mwenye nyumba aliyepangisha sehemu tu ya jengo wajibu wa paa, kuta za nje na kuta kuu, mabomba makuu ya maji machafu na sehemu za pamoja. Mpangaji hubaki na utunzaji wa ndani. Sentensi moja ya kumtaka mpangaji atunze jengo lote inaweza kuligeuza hilo. Katika Mombasa uzito wake huonekana upesi, kwa kuwa hewa ya chumvi hula mabati na kuingia kwenye zege mpaka nondo zikavimba na kuisukuma dari chini vipande vipande. Kutengeneza dari kama hiyo si kupaka rangi, ni kuchimba zege na kushughulikia chuma, na mpangaji wa miaka 6 hana sababu ya kukinunulia maisha mapya jengo la miaka 60. Hata neno hali nzuri lenyewe lina mtego. Kama jengo lilikuwa bovu tangu mwanzo, kuliweka katika hali nzuri kunaweza kusomwa kuwa ni kulitengeneza kwanza. Ndiyo maana huambatishwa orodha ya hali ya jengo siku ya kukabidhiwa funguo, yenye picha na saini za pande zote mbili, na mpangaji huahidi kulirudisha katika hali ile ile, uchakavu wa kawaida ukiwekwa kando.

Kwa mkahawa, mstari mgumu kuuchora ni wa bomba la maji machafu. Ni Ijumaa mchana, wateja wamekaa, na maji meusi yanapanda kutoka kwenye kitundu cha sakafu chini ya sinki. Bomba kuu ni la mwenye nyumba, lakini yeye anasema mafuta ni ya jikoni. Fundi wa mabomba huingiza waya mrefu na kuuvuta, na kinachotoka ndicho ushahidi. Yakitoka mabonge meupe magumu kama mshumaa, hayo ni mafuta ya kukaangia yaliyoganda. Vikitoka vitambaa na nepi, vimeshuka kutoka ghorofani. Mara nyingi hutoka vyote viwili, na hapo kila mmoja hushika lake.

Ugomvi huo humalizwa kabla ya kuanza kwa kujenga shimo la kunasa mafuta lenye mfuniko wake, mahali ambapo bomba la mkahawa linatoka kabla ya kuungana na la jengo. Mkataba huandikwa kwamba chochote cha upande wa jikoni mpaka kwenye maungio ni cha mpangaji, na kuanzia hapo ni cha mwenye nyumba. Mpangaji huahidi kulisafisha shimo kwa muda maalumu, tuseme kila baada ya wiki 2, na hutunza risiti. Bomba likiziba tena siku ya Ijumaa, wa kwanza kuangaliwa ni mfuniko: shimo likiwa safi na risiti zipo, mafuta hayakutoka hapo.

Kuchora mstari hakutoshi kama hakuna saa. Mwenye nyumba anayewajibika kwa paa na asiyepewa muda anaweza kungoja masika mawili yapite. Hutosha kuandika kwamba akishapewa taarifa ya maandishi atatengeneza ndani ya siku 14, au saa 48 kama uharibifu unazuia mkahawa kufanya kazi, la sivyo mpangaji atatengeneza mwenyewe na kukata gharama kwenye kodi kwa kuonyesha risiti. Bila ruhusa hiyo iliyoandikwa, kukata kodi ni hatari, kwani mahakamani huonekana kama deni, na deni la kodi ndilo kosa jepesi zaidi la kumtoa mtu. Mwenye pango linalolindwa ana njia nyingine: anaweza kuliomba baraza limruhusu kutengeneza na kukata. Jengo likiungua au kufurika maji bila uzembe wa mpangaji, Sheria ya Ardhi husimamisha kodi yote au sehemu yake mpaka nafasi ifae tena. Rasimu inayosema kodi italipwa bila kusita kwa hali yoyote ile inataka kukifuta hicho.

Bomba la moshi lahitaji ruhusa yake lenyewe. Linapanda nje ya ukuta wa mwenye nyumba, hupita mbele ya madirisha ya wapangaji wengine na kutokea juu ya paa. Neno mkahawa katika kifungu cha matumizi halimpi mpangaji haki ya kutoboa ukuta. Ramani yake, mahali litakapopita na nani atalisafisha huambatishwa kwenye mkataba. Hapo hapo huamuliwa hatima yake: kama siku ya kutoka litang'olewa na tundu kuzibwa, au litaachwa. Mwenye nyumba anayetarajia kukipangisha chumba hicho kwa mkahawa mwingine humwambia mpangaji aliache, kisha gharama ya kuling'oa isikatwe kwenye amana.

Yote haya hujadiliwa wakati wa barua ya masharti, kabla ya amana kulipwa, kwa kuwa mwenye fedha zake mkononi ndiye anayesikilizwa. Wakati huo huo hufanywa upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ili kujua mwenye hati ni nani na kama jengo limewekwa rehani. Likiwa rehani, kibali cha benki kinahitajika, la sivyo benki ikiliuza jengo mnunuzi anaweza kudai kwamba haujui mkataba huo. Mkataba unaozidi miaka 2 husajiliwa. Ule unaozidi miaka 3 hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya kodi ya mwaka, ambao kwa kodi ya mfano wetu ni kama shilingi 24,000 kwa hesabu ya mwaka wa kwanza, pamoja na ada za wakili, ambazo kwa desturi mpangaji ndiye hulipishwa hata za wakili wa upande wa pili. Hizo pia hujadiliwa. Mkataba ambao haukusajiliwa huwabana wawili waliousaini, lakini mwenye nyumba akiuza jengo, mpangaji hujikuta mbele ya mtu mpya, akiwa na karatasi ambayo mtu huyo hakuitia saini na jiko la shilingi 1,800,000 lililojengewa ukutani.